Vidato Kwenye Ukingo wa Picha

Mstari wa mshazari kwenye skrini ya kompyuta hauchorwi kwa kalamu. Hupangwa kwa vigae vidogo mno viitwavyo pikseli, vilivyokaa safu kwa safu kama vigae vya sakafuni, na kila kigae hubeba rangi moja tu. Mstari wa wima au wa mlalo ukipita kwenye maungio ya vigae hauleti taabu yoyote. Mstari wa mshazari hukata vigae katikati, na kwa kuwa kigae hakigawanyiki, ama kipakwe chote ama kiachwe chote. Ndipo ukingo unapoota meno na kupanda kidato kwa kidato kama ngazi. Kazi ya kuondoa vidato hivyo ni ulainishaji wa kingo. Kwenye menyu za michezo ya kompyuta na za programu za kuchorea majengo huandikwa `Anti-Aliasing`, au kwa kifupi `AA`.

Tatizo hili lina umri sawa na picha za kompyuta zenyewe. Mwaka 1977 Mmarekani Franklin Crow, aliyesomea Chuo Kikuu cha Utah, alichapisha katika jarida la ACM makala iliyoeleza chanzo chake kwa utaratibu. Alionyesha kwamba kingo zenye meno ni dalili moja kati ya kadhaa za ugonjwa mmoja: vitu vidogo sana kupotea na kuibuka, na sehemu zenye nakshi nyingi kuvurugika, hutokana na chanzo hichohicho. Kompyuta huulizia rangi ya picha mahali pachache mno, kisha hujifanya kwamba jibu la mahali pamoja ni jibu la eneo zima linalopazunguka.

Jambo hilo huonekana wazi kwa mfano mmoja. Chukua mchoro wa nyumba wenye paa jeusi dhidi ya mbingu nyeupe. Paa lina mwinamo wa moja kwa nne, yaani kila likienda pikseli 4 kulia hupanda pikseli 1, mwinamo wa nyuzi 14 hivi, ambao ni wa kawaida kabisa kwa paa la bati. Programu isiyolainisha kingo huenda katikati ya kila pikseli na kuuliza swali moja: hapa ni paa au ni mbingu? Jibu likiwa paa, pikseli yote hupakwa nyeusi. Jibu likiwa mbingu, yote huachwa nyeupe. Ukingo basi hukaa palepale kwa pikseli 4, huruka juu pikseli 1, hukaa tena kwa pikseli 4, huruka tena. Mbaya zaidi ni mwinamo mdogo. Paa linalopanda pikseli 1 kwa kila pikseli 20 huwa na miruko michache iliyotengana, na jicho hunasa kila mmoja.

Sasa tazama pikseli 4 za kidato kimoja, lakini kwa kupima eneo badala ya kuuliza swali moja. Ukingo halisi unapopita juu ya pikseli hizo, paa hufunika thumuni 1 ya pikseli ya kwanza, thumuni 3 za pikseli ya pili, thumuni 5 za ya tatu na thumuni 7 za ya nne. Pikseli haiwezi kukatwa, lakini inaweza kupewa kijivu kinacholingana na kiasi ilichofunikwa. Ya kwanza ikiwa karibu nyeupe na ya nne karibu nyeusi, jicho lililo mbali kidogo na skrini halioni tena mruko. Linaona ukingo umenyooka. Hicho ndicho kiini cha ulainishaji wote: kijivu cha ukingoni ni kipimo cha eneo, wala si pambo.

Njia ya moja kwa moja ya kupata kipimo hicho ni kuuliza maswali mengi ndani ya kila pikseli. Igawe kila pikseli katika vijisehemu 16, vinne kwa vinne, kisha uliza katikati ya kila kijisehemu kama ni paa au mbingu. Kwa paa letu, pikseli ya kwanza hutoa majibu 2 ya paa kati ya 16, ya pili 6, ya tatu 10 na ya nne 14. Hesabu hizo ndizo zilezile thumuni 1, 3, 5 na 7. Gharama yake ni kazi mara 16, na ndiyo maana michezo ya kompyuta, ambayo lazima ichore makumi ya picha kila sekunde, hutafuta njia za mkato. Anayechora picha moja ya nyumba kwa ajili ya ripoti hana haja ya njia ya mkato. Akisubiri dakika chache zaidi hapotezi kitu.

Kazi hii inaweza kufanywa hata na programu ambayo haina kitufe chochote cha kulainisha kingo. Kama picha inayotakiwa ni ya pikseli 800 kwa 600, iamuru programu itoe picha ya 3200 kwa 2400, kisha ipunguze mpaka robo ya upana na robo ya urefu. Kila pikseli ya picha ndogo itakuwa wastani wa pikseli 16 za picha kubwa. Vivyo hivyo kwa picha ya skrini: ikiwa ramani au mchoro unakuzika ndani ya programu yake, ukuze kwa asilimia 400 kabla ya kuupiga picha. Ukihitaji, upige vipande vipande na kuviunganisha, halafu ndipo upunguze. Njia hii ni bora kuliko tiba yoyote itakayoelezwa hapa chini, kwa sababu huchukua maelezo ya kweli kutoka kwenye mchoro wenyewe.

Katika kupunguza kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Namba zinazohifadhi rangi kwenye faili, kutoka 0 ya nyeusi hadi 255 ya nyeupe, hazipimi kiasi cha mwanga. Zimepangwa kwa kipimo kiitwacho sRGB, ambacho huzipa rangi nyeusi-nyeusi namba nyingi zaidi kwa kuwa jicho hutofautisha vizuri zaidi gizani. Namba 128, ambayo mtu angeidhania nusu, hutoa kwenye skrini kama asilimia 22 tu ya mwanga wa nyeupe. Nusu halisi ya mwanga ni namba 188. Programu inayojumlisha namba za faili na kugawanya bila kujali hilo hutoa vijivu vyeusi kupita kiasi.

Kwa paa letu tofauti si ndogo. Hesabu ya kizembe huzipa zile pikseli 4 namba 223, 159, 96 na 32. Hesabu inayobadilisha kwanza namba kuwa kiasi cha mwanga, ikatafuta wastani, kisha ikarudisha kwenye sRGB, hutoa 240, 207, 165 na 99. Kwa hesabu ya kizembe paa jeusi hunenepa kidogo na ngazi hubaki kama kivuli hafifu. Mistari myeupe juu ya weusi huathirika kinyume chake: hukonda na kukatikakatika. Programu ya ImageMagick, ambayo ni ya bure, hufanya hesabu sahihi ikiamriwa hivi:

```
magick nyumba-kubwa.png -colorspace RGB -scale 25% -colorspace sRGB nyumba.png
```

Neno `RGB` katika amri hii humaanisha kipimo cha mwanga wenyewe, na `-scale` hutafuta wastani wa pikseli zote zinazoingia katika pikseli moja mpya. Mwenye programu nyingine anaweza kuijaribu hivi: atengeneze picha ya mistari ya pikseli moja moja, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, aipunguze kwa nusu, kisha asome namba ya kijivu kilichopatikana. Ikisomeka karibu na 188 hesabu ni sahihi. Ikisomeka 127 au 128, programu hiyo inahesabu kizembe.

Mpaka hapa mchoro wenyewe upo mkononi. Shida kubwa huja pale inapobaki picha iliyokwisha kuharibika: nembo ya chama ambayo faili lake la asili limepotea, picha ya skrini ya programu ya zamani isiyofunguka tena, au picha ndogo iliyochorwa na kompyuta ambayo haipo. Wengi hukimbilia kuitia ukungu picha nzima. Ukungu huficha meno, ni kweli, lakini huondoa pia ukali wa kila kitu kingine. Kingo za wima na za mlalo, ambazo hazikuwa na kosa lolote, hufifia pamoja na zile zenye ngazi.

Ukweli ni kwamba vidato vyenyewe vimebeba habari. Rudi kwenye paa. Kidato kimoja kina pikseli 4 kwa upana na 1 kwa kimo. Weka alama katikati ya kidato hicho, weka nyingine katikati ya kidato kinachofuata, kisha unganisha alama hizo kwa mstari. Mstari huo hupanda pikseli 1 kwa kila pikseli 4, na hupita mahali palepale ukingo wa asili ulipopita. Ukijua ulipo mstari, unaweza kupima upya thumuni zilizofunikwa na kupaka vijivu vyake, na pikseli zote zisizoguswa na mstari hubaki kama zilivyokuwa. Kinachopatikana ni paa lile ambalo lingetokea kama lingelainishwa tangu mwanzo. Hapa kuna uzuri wa kweli: ngazi inayokera jicho ndiyo inayotunza kumbukumbu ya mwinamo.

Alexander Reshetov wa kampuni ya Intel alitangaza njia iliyojengwa juu ya wazo hilo mwaka 2009, na ikajulikana kwa jina la MLAA. Programu hupita kwenye picha iliyokamilika, hutafuta mahali pikseli jirani zinapotofautiana kwa ghafla, hupima urefu wa kila kidato na kuangalia kama miisho yake inapinda upande mmoja au pande mbili tofauti, halafu huchora mstari na kuchanganya rangi za pande mbili kulingana na eneo. Haihitaji kujua mchoro wa asili ulikuwa wa nini. Njia nyingine ya aina hiyo, FXAA ya Timothy Lottes wa kampuni ya NVIDIA, ilienea haraka katika michezo ya kompyuta kwa sababu ni nyepesi sana, ingawa hulainisha hata maandishi yasipokingwa.

Paa la moja kwa nne ni mfano mwepesi, kwa kuwa vidato vyake vyote vina urefu mmoja. Mwinamo wa moja kwa tatu na theluthi hutoa vidato vya 3, 3, 4, 3, 3, 4 kwa zamu. Mstari unaounganisha katikati ya kila kidato na cha jirani huyumba kidogo huku na huku. Kosa hilo ni dogo kuliko meno ya awali, na kwa kawaida halionekani, lakini huonekana kwenye mistari mirefu iliyo pekee yake juu ya rangi moja, kama waya wa umeme dhidi ya mbingu.

Kwa nembo au mchoro wa rangi mbili, fundi asiye na programu ya aina hiyo anaweza kufanya kazi inayokaribiana nayo kwa hatua nne. Kwanza hukuza picha mara 4 bila kuilainisha, hivyo kila pikseli inakuwa kigae cha 4 kwa 4. Pili huitia ukungu wa kadiri, ambao hugeuza ngazi kuwa mteremko wa vijivu. Tatu hukaza tofauti za weusi na weupe kwa nguvu, kiasi kwamba ule mteremko unabanwa kuwa ukingo mkali tena, ila sasa ukingo huo hupita katikati ya vidato badala ya kuvifuata. Mwisho huipunguza picha mpaka ukubwa wake wa kwanza, na kule kutafuta wastani ndiko kunakozaa vijivu vinavyotakiwa.

```
magick nembo.png -scale 400% -blur 0x4 -level 40%,60% \
  -colorspace RGB -scale 25% -colorspace sRGB nembo-laini.png
```

Namba ya kuchezea ni ile 4 baada ya `0x`. Ndiyo kadiri ya ukungu, ikihesabiwa kwa pikseli za picha iliyokuzwa, yaani pikseli 1 ya picha ya awali. Kwa kadiri hiyo vidato vya pikseli 4 karibu vyote huisha. Vidato vya pikseli 8 hupungua tu na kuacha wimbi dogo, na vya pikseli 20 hubaki karibu vilivyokuwa, kila kimoja kikiwa kimeviringwa kwenye pembe. Mtu akiongeza ukungu ili kuvimaliza, pembe za herufi huanza kuwa duara, na mistari ya pikseli moja hufutika kabisa wakati wa kukaza hata kwa kadiri hiyo ya 4. Kwa hiyo amri hii inafaa maumbo manene yenye mikunjo na miinamo mikali, kama nembo, wala haifai paa refu la mwinamo mdogo. Kwa paa la aina hiyo ni afadhali kuchora upya ukingo kwa mkono: kupima katikati ya kidato cha kwanza na cha mwisho, kisha kupitisha mstari mmoja ulionyooka kwa chombo cha kuchora ambacho hulainisha chenyewe.

Amri hiyo pia haifai kupitishwa juu ya picha ya rangi nyingi. Kukaza kwa `-level` hufanyika kwenye nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na kahawia ya paa au zambarau ya bendera husukumwa mpaka mwisho wa kipimo na kugeuka rangi nyingine. Njia salama ni kutenga kila rangi kama umbo jeusi juu ya nyeupe, kulainisha umbo hilo, kisha kulitumia kama kinyago cha kupakia rangi yake juu ya rangi ya chini. Nembo ya rangi tatu huchukua hivyo muda wa nusu saa, nayo hutoka safi.

Kuna kitu ambacho hakuna njia yoyote kati ya hizi inaweza kukirudisha. Kama mchoro wa asili ulikuwa na waya mwembamba kuliko pikseli moja, programu iliyouliza swali moja kwa kila pikseli iliugonga waya mahali fulani na kuukosa kwingine. Kwenye picha hubaki vipande vilivyoachana, na hakuna kidato cha kupima kati yake. Vivyo hivyo kwa matofali ya ukuta ulio mbali, nyavu za dirisha na mabati yenye migongo: mistari iliyobanana kuliko pikseli huzaa mawimbi mapana ya uongo ambayo hayamo kwenye mchoro. Mawimbi hayo yana kingo laini na hupendeza mpaka mtu ajue kwamba ukuta halisi hauna. Kulainisha huyafanya yaonekane ya kweli zaidi. Dawa ni kuchora upya kwa ukubwa mara 4 na kupunguza, na kama mchoro haupo, ni kufuta sehemu hiyo na kuijaza kwa mkono.

Kabla ya kugusa picha yoyote yafaa kuikuza kwa asilimia 800 na kuutazama ukingo mmoja wa mshazari. Ukiwa na rangi mbili tu zinazopakana, hapajalainishwa kitu na njia zilizoelezwa zitafanya kazi. Ukiwa na vijivu vinavyofuatana kwa mpangilio, ukingo umeshalainishwa, na kuulainisha mara ya pili kutauharibu. Ukikuta kwenye herufi vistari vya wekundu upande mmoja na vya bluu upande wa pili, maandishi yamelainishwa kwa kutumia taa ndogo za rangi tatu zilizomo ndani ya kila pikseli ya skrini, mtindo ambao Microsoft iliutangaza mwaka 1998 kwa jina la ClearType. Herufi hizo huonekana kali kwenye skrini ile ile, lakini zikichapishwa kitabuni vile vistari hutokea kama uchafu, na ni bora kuzima mtindo huo kwenye kompyuta na kupiga picha ya skrini upya.

Ukikuta kando ya ukingo vumbi la vijivu visivyo na mpangilio, limesambaa pikseli kadhaa ndani ya eneo jeupe, faili limepitia JPEG. Muundo huo hubana picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kando ya ukingo mkali huacha madoa ambayo programu ya kutafuta vidato hudhani ni kingo. Vumbi hilo lisafishwe kwanza kwa kurudisha kila pikseli kwenye rangi iliyo karibu nayo kati ya zile mbili, ndipo ulainishaji uanze. Kazi ikiisha ihifadhiwe kama PNG, ambayo hairudishi vumbi hilo.